Subiri Neno "Ila"

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ahsanteni. Nimewasikia mlioko mbele, na nyie mlioegemea nguzo kule nyuma nimewasikia pia. Hilo la kusikika liwekeni akiba, nitalirudia.

Tunamshukuru Allah aliyetukutanisha Ijumaa nyingine, na tunamwombea rehema na amani Mtume wetu Muhammad, ahli zake na maswahaba zake. Ndugu zangu katika imani, adhana ya pili bado na khatibu hajapanda mimbari. Haya ni mawaidha tu, kwa hiyo anayeingia sasa hivi akitoa salamu, aliye karibu naye amwitikie. Khatibu akianza, hapo ndimi zote zitulie.

Leo nazungumzia salamu, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna mzee wetu mmoja ambaye alfajiri huwahi kumpita hata muadhini. Kwa miaka sasa tunakutana mlangoni baada ya swala, yeye kainama anatafuta makubadhi yake, mimi ndio natoka. Ataniambia, "Assalaam alaykum, maalim." Nitaitikia. "Habari za kuamka?" "Nzuri, mzee wangu. Za kwako?" "Alhamdulillah." Basi, mimi huyo, naelekea kwenye chai. Maneno yenyewe hayakuwahi kubadilika. Niliyazoea hata nikawa nayasema huku kichwani nahesabu ni watoto wangapi wa madrasa hawajaleta ada.

Ikafika mahali hata hayo machache yakapungua. Baada ya alfajiri huwa na nyiradi zangu, na mdomo unakuwa na kazi. Nikaanza kumjibu mzee kwa kichwa. Akitoa salamu, naweka mkono kifuani, natabasamu, naitikia kwa kichwa, napita. Moyoni naona nimejibu, tena kwa adabu zote.

Siku moja mdogo wangu akanifuata nyumbani. "Kaka, mzee fulani ananiuliza amekukosea nini."

"Kunikosea? Kwa lipi?"

"Anasema hii wiki ya tatu anakusalimia huitikii. Anasema kama ni ule mchango wa paa, ataumalizia mwisho wa mwezi."

Kusema kweli nilihamaki. Mbona namjibu kila siku! Mdogo wangu akanitazama kidogo, kisha akasema, "Unamjibu kwa mdomo? Maana mzee haoni, kaka."

Kesho yake alfajiri nilisimama pembeni nikamwangalia. Mnaijua taa ya mlango wa kusini, ile iliyofungwa juu kabisa ya kizingiti. Mtu akitoka, taa inakuwa mgongoni kwake na usoni kwa aliyeko nje. Mzee alikuwa anapapasa viatu kwa mguu, kimoja kimoja, na alipokipata cha kushoto akakivaa mguu wa kulia, akakivua. Mtu akamsalimia, mzee akageuza uso kuelekea sikio la yule mtu badala ya macho yake. Hospitali ilikuja kutuambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kile kioo cha ndani ya jicho kinaingia ukungu, na mwanga ukija kutoka mbele unatawanyika, basi mgonjwa anaona mng'ao tu na kivuli katikati yake. Mimi nilikuwa kivuli hicho. Kivuli chenye kanzu, chenye harufu ya udi, kinachopita kimya. Tabasamu langu lote hilo halikuwahi kumfika.

Na kinachoniuma zaidi ya kile kichwa ni kitu kingine. Kabla ya wiki hizo tatu nilikuwa namuuliza kwa mdomo wangu, kila alfajiri, "Za kwako?" Naye alikuwa anapoteza macho mbele yangu huku akinijibu "Alhamdulillah."

Tuanze na kile kichwa, maana hukumu yake iko wazi. Kuanza salamu ni sunna, kuitikia ni wajibu. Waliokaa pamoja wakisalimiwa, akiitikia mmoja wao wajibu umewaondokea wengine, ingawa wote wakiitikia ndiyo bora. Na itiko ni lazima limfikie aliyesalimia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameliandika hili katika kitabu chake cha Al-Adhkaar: itiko linatolewa papo hapo, kwa sauti anayoisikia mwenzio, na usipomsikilizisha wajibu haujatimia. Ishara ya mkono peke yake bila tamko haitoshi. Kwa kiziwi unatamka na kuonyesha ishara pamoja, ili aelewe. Sasa pimeni hali yangu: kiziwi kuna namna yake, nami asiyeona nikampa ishara tupu! Wiki tatu za madeni ya salamu, na mimi ndiye ninayewafundisha watoto wenu fiqhi.

La pili ndilo gumu zaidi, kwa sababu halina fatwa. Kwa nini salamu iliyotamkwa, tena sahihi kabisa, nayo ilikuwa baridi?

Wepesi wa kujibu watasema, ni kwa kuwa maneno yamerudiwa mno. Mimi sikubali. Dini yetu haiogopi marudio. Tumefundishwa kwamba watu wawili wakitembea pamoja, ukawatenga mti au ukuta au jiwe, wakikutana upande wa pili wasalimiane tena. Na mnakijua kisa cha yule mtu aliyeswali vibaya msikitini Madina. Aliswali, akaja akamsalimia Mtume, Mtume akamwitikia, akamwambia arudi aswali kwani hajaswali. Akarudi, akaswali, akaja, akasalimia tena. Na tena. Ni muda mfupi, mahali pale pale, maneno yale yale, na kila mara aliitikiwa. Hakuambiwa "si umeshanisalimia?" Na kila alipoitikiwa alipewa jambo linalomhusu yeye na swala yake, mpaka mwisho akafundishwa namna ya kuswali.

Kwa hiyo ubaridi hauko kwenye neno kurudi. Uko kwenye jibu kutoka kabla swali halijafika. Jisikilizeni mkitoka hapa. Mtu anasema "Habari za..." na kabla hajamaliza kama ni za asubuhi, za nyumbani au za safari, mwenzake keshajibu "nzuri." Niliwahi kumsikia mtu akiulizwa "Vipi, umepotea!" akajibu "Nzuri, alhamdulillah." Mlango ulibishwa, akajibu redio.

Na hapa naomba tuelewane kuhusu desturi yetu ya Kiswahili, maana vijana wengine wanaidharau wakisema salamu zetu ni ndefu na hazina maana. Sisi hatutoi habari mbaya kizingitini. Mswahili akiulizwa habari, la kwanza ni nzuri. Hata aliyekuja na taarifa ya msiba, ukimuuliza "Habari za huko?" atakwambia "Nzuri tu." Utamuuliza za watoto, atakwambia wazima. Utamuuliza za mama, atasema hajambo. Kisha atanyamaza kidogo, atatazama chini, na hapo ndipo litakapotoka: "Ila..." Ila mjomba hatunaye. Ila yule mtoto wa tatu homa haishuki. Ila shamba lina kesi.

Zile "za nyumbani, za kazi, za tangu juzi" ni ngazi. Kila swali linamshusha mtu daraja moja kutoka kwenye adabu kwenda kwenye hali yake, na "ila" inakaa chini kabisa. Anayechukua "nzuri" ya kwanza na kwenda zake, amesalimiana na adabu ya mtu, mwenyewe hajamkuta. Mzee wangu mlangoni alikuwa na "ila" yake mdomoni kwa miezi, na mimi kila siku nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi za nje kabla hajaitoa.

Sasa, mtu akishatambua kwamba salamu zake zimepoa, kosa la kwanza analokimbilia ni kuzipamba. Nitawasemea hili kwa kirefu kidogo kwa sababu nimelifanya. Nilipotahayari mbele ya mzee, wiki iliyofuata nilimwongezea maneno: Allah akuhifadhi, akujaalie, akuzidishie, nuru ya msikiti wetu, baraka ya mtaa wetu. Mzee alisikiliza yote, akaitika "Amin," akaendelea kutafuta kiatu.

Tunayo aya katika Suratun-Nisaa, aya ya 86, inayotuelekeza kwamba tukiamkiwa kwa maamkizi tujibu kwa yaliyo bora zaidi au turudishe mfano wake. Na tunayo hadithi ya Imran bin Huswain: mtu alikuja akatoa salamu fupi, Mtume akaitikia na kusema, kumi. Wa pili akaongeza rehema za Allah, ikawa ishirini. Wa tatu akafikisha na baraka, ikawa thelathini. Kwa hiyo kuzidisha kupo, na kuna thawabu. Aliyekupa kumi, mrudishie ishirini.

Lakini kuzidisha huko kuna dari. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba mtu mmoja wa Yemen aliingia kwa Ibn Abbas akatoa salamu kamili mpaka barakatuh, kisha akaongeza kitu juu yake. Ibn Abbas, ambaye wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha kuondoka, akauliza, nani huyu? Wakamtambulisha. Akasema kwamba salamu imeishia kwenye baraka.

Niliposoma kisa hicho tena baada ya mkasa wangu, nilikaa nacho. Hapa kuna asiyeona, na kuna mtu anayemrundikia maneno, na asiyeona anauliza kwanza: nani huyu? Sidai kwamba Ibn Abbas alikusudia ninachokisema. Yeye alikuwa anaweka mpaka wa tamko la salamu. Ila kwangu limeingia hivi: tamko lina mwisho wake, na ukishafika kwenye baraka, mapambo hayakupeleki mbele. Aliyekwishafika thelathini na bado anataka kumpa mwenzake lililo bora zaidi, alitafute kwa mwenzake mwenyewe.

Mfano tunao kwa Mtume. Anas bin Malik alikuwa na mdogo wake, mtoto aliyeitwa kwa kunya Abu Umayr, na mtoto huyo alikuwa na kindege chake cha kuchezea, nughayr. Kindege kikafa. Mtume alipofika nyumbani kwao na kumwona mtoto kanuna, alimwuliza: Abu Umayr, kindege kimefanya nini? Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim, na wanachuoni wametoa humo mafunzo mengi sana, hata kuna aliyeandika kitabu kizima juu yake. Mimi naitazama sentensi yenyewe tu. Ina jina la mtoto, ina kindege chake. Huwezi kuichukua ukaenda kumwambia mtoto wa jirani. Katika Madina yote, ilimfaa mmoja.

Hapo nimechukua kipimo changu, na nawapa mkitumie mkipenda. Salamu yenyewe siigusi, naitoa kama tulivyofundishwa, kila siku ile ile. Halafu inakuja sentensi moja. Sentensi hiyo nikiona naweza kumwambia mtu mwingine yeyote bila kubadili neno, basi bado sijamsalimia aliye mbele yangu.

Niwaonyeshe ilivyokuwa kwa mzee, baada ya kuacha yale mapambo. Nilimkuta mlangoni, akatoa salamu, nikaitikia mpaka mwisho kwa sauti, nikamwambia, "Ni mimi, maalim," kisha nikaketi barazani karibu na miguu yake. Kuketi ndiko kulikofanya kazi. Mtu aliyesimama huku kashika funguo za pikipiki anauliza habari, lakini mwili wake unasema jibu liwe fupi.

"Habari za kuamka, mzee wangu?"

"Nzuri tu."

"Za nyumbani?"

"Wote wazima, alhamdulillah."

Nikanyamaza. Na nyie jaribuni kunyamaza, mtaona kulivyo kugumu. Ulimi unawasha, unataka kusema "haya, mzee, tutaonana." Nilingoja muda wa mtu kuvaa kiatu kimoja, si zaidi.

"Ila macho haya, maalim," akasema. "Sasa hata asubuhi siijui mpaka niisikie."

Yakatoka yote. Kwamba alianza na jicho la kulia, akadhani ni vumbi. Kwamba mwezi wa Ramadhani aliacha kusoma msahafu, akawa anaufungua tu ili watu wasijue. Kwamba hakwenda hospitali kwa sababu alisikia watu wanapofuka wakipasuliwa. Tulikaa mpaka jua likachomoza, na chai yangu ikapoa, ikawa mara ya kwanza kupoa kwa sababu ya maana.

Tangu siku hiyo sina shida ya nini cha kumjibu. Mtu ananiuliza, maalim, nitatoa wapi maneno mapya kila siku? Huyatoi popote, yeye anakupa. Jana alikwambia anasubiri tarehe ya hospitali, leo jibu lako liko tayari: "Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Wamekupa tarehe?" Alikwambia mjukuu wake anakuja kutoka Muheza, kesho yake unajua la kuuliza. Alikwambia haogopi kisu, anaogopa kulala mbali na nyumbani. Siku ya kwenda, jibu lako ni "Mimi nitalala huko na wewe," na salamu gani itaishinda hiyo? Kila itiko linabeba mbegu ya itiko la kesho, kwa aliyesikiliza. Anayelalamika kwamba ameishiwa maneno, mara nyingi ameishiwa kusikiliza.

Kwa watoto ndiyo tumeharibu zaidi. Mtoto anapita, "Shikamoo." Mtu mzima kashika simu, "Marahaba," hata hajui ni mtoto wa nani. Mtume alikuwa akiwapitia watoto na kuwaanza yeye kwa salamu. Hilo limepokewa na Anas, na Anas naye akawa anafanya vivyo hivyo. Marahaba yetu haina kasoro, ni neno la watu wazima na iendelee. Lakini mtoto huyo yupo darasa gani? Jino lake la mbele limetoka lini? "Marahaba. Hee, jino umempa panya?" Atacheka mpaka kwao, na kesho atakukimbilia kukuamkia.

Kwenye msiba ndiyo baridi inauma. Simu zetu zina makundi ya ukoo, ya mtaa, ya msikiti. Ikiingia taarifa ya kifo, yanamiminika: Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun, mara mia na hamsini, nyingine zimekatwa herufi mpaka hazisomeki, nyingine ni picha ya mshumaa aliyoitoa mtu sijui wapi. Tamko lenyewe ni zito na tumeamrishwa, lisemeni, na liandikeni lote. Halafu kumbukeni alichofanya Mtume ilipokuja habari ya Jaafar bin Abi Talib, aliyeuawa kwenye vita vya Muuta mwaka wa 8 Hijria. Aliwaagiza watu wawapikie jamaa wa Jaafar chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Aliiona hali ya nyumba ile: leo hakuna atakayewasha jiko. Basi wewe ambaye jina lako litakuwa la mia na kumi kwenye kundi, mpigie au mwandikie mfiwa pembeni, "Nakuja alasiri na katoni mbili za maji, na watoto wadogo nitawachukua walale kwangu." Hutahitaji kutafuta maneno ya kumliwaza.

Kuna mipaka, nayo nitaipitia haraka maana muda unakimbia.

Usiulize usichokuwa na muda wa kukisikia. Ukiwa na haraka, itikia salamu kwa ukamilifu, mwambie mwenzako, "Nina haraka, nitakupitia baada ya isha," na umpitie. Hilo ni joto zaidi kuliko kumuuliza habari za mke wake huku unarudi kinyumenyume. Usiseme "nilikuwa nakuwaza hivi sasa" kama hukuwa unamuwaza. Uongo mtamu ni uongo, na mtu akikubaini mara moja, salamu zako zote za nyuma anazihesabu upya.

Na si kila "nzuri" ina "ila" nyuma yake ya kukupa wewe. Umengoja, amenyamaza, amesema "haya, maalim", mwache aende. Kumng'ang'aniza mtu habari za ndoa yake au deni lake kwa jina la kumjali ni umbea uliovaa kanzu.

Tena usijione umefanya kosa kila neno lako linapokataliwa. Mtume alimtembelea bedui mgonjwa, akamwambia lile alilokuwa akiwaambia wagonjwa, kwamba hakuna ubaya, ni utakaso, inshaallah. Bedui, naye alikuwa mzee, akalikataa: utakaso gani, hii ni homa inayochemka, itampeleka mzee kaburini. Mtume akamwambia, basi ndivyo. Hadithi hiyo ni ya Bukhari. Neno lilikuwa jema, msemaji ni mbora wa viumbe, kwenye ziara ya miguu yake mwenyewe, na bado mgonjwa alilikataa. Kwa hiyo wewe ukimwambia mtu "pole" akakujibu kwa ukali, usikunje uso. Homa inasema.

Nimalize na mzee wangu, maana khatibu namwona keshavaa joho.

Jicho la kulia limeshapasuliwa, alhamdulillah, na anaona. La kushoto bado, wamempa miezi. Nilimwomba ruhusa nimzungumzie leo bila kumtaja jina. Alicheka, akasema, "Waambie, maalim, lakini waambie kitu kimoja. Watu siku hizi wananisalimia vizuri, wananiuliza, 'Mzee, unanikumbuka?' Mimi nabaki kukisia." Na mnakumbuka Jabir alipobisha kwa Mtume, akaulizwa ni nani, akajibu "mimi," Mtume akawa kama hakulipenda lile "mimi, mimi."

Yuko humu ndani, na baada ya swala atakuwa mlango wa kusini, mkono wa kulia, anatafuta makubadhi. Upande wake wa kushoto bado ni giza, kwa hiyo mkitoka mpitieni kulia. Msalimieni kwa sauti, mtaje majina yenu, na msiondoke kabla hajavaa kiatu cha pili.